Dakika Moja ya Mama Marita

Mwezi uliopita nilikuwa napanga vitu vya marehemu mama yangu huko Kitale, nguo za kugawa upande huu na za kutunza upande ule, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Ni ukurasa wa daftari la hesabu, lile la vijisanduku, umeandikwa kwa penseli na mkono ninaoujua kwa sababu ni wangu. Pembeni, kutoka juu hadi chini, kuna namba: 5, 15, 15, 15, 10. Nilipoinusa ilikuwa bado na harufu ya moshi na mafuta ya taa. Nikakaa juu ya kitanda na kazi ikaishia hapo.

Sikujua mama aliihifadhi. Mimi ningeichoma.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu ni wa zile familia zilizotoka Kenya ya kati zikaja kulima na kufanya biashara Trans-Nzoia, na sisi tulikaa nyuma ya duka letu Kitale, mahali pa baridi na pa kelele. Mama alikuwa Mbukusu wa Bungoma, na kila likizo ya Agosti alinipeleka kwa mama yake, karibu na Mabanga. Ninyi wa rika langu mnaijua likizo ile. Mvua ya alasiri, mahindi mabichi ya kuchemsha, na mawe ya redio, yaani betri, yakianikwa juu ya bati asubuhi ili yapate nguvu ya siku moja zaidi.

Kwetu Kitale niliitwa Wanjiku. Kwa Nyanya niliitwa Nekesa, kwa vile nilizaliwa wakati wa kuvuna, na sikuwa na tatizo la kuwa watu wawili. Tatizo langu lilikuwa kujiona mjuzi. Nilikuwa nasoma Kiswahili vizuri kuliko watoto wa pale, na nilihakikisha wanajua.

Ndiyo maana Tichee Ayub alinichagua. Tichee Ayub alifundisha Sunday school kanisani kwa Nyanya, mtu mrefu mwembamba aliyevaa saa kubwa ya mkononi na kuitazama hata mtu akimsalimia. Redio moja ya Bungoma ilikuwa imeyapa makanisa zawadi: kila Jumapili, kabla tu ya matangazo ya vifo ya saa sita, kanisa moja lilipewa dakika moja ya kusimulia maisha ya muumini wao wa kwanza. Dakika moja kamili. Ukizidisha, kijana wa mitambo wa redio alikukata hapo hapo, kwa sababu watu wa matangazo ya vifo walikuwa wamelipia nafasi yao na hawakuwa na utani.

Muumini wa kwanza wa kanisa lile alikuwa Mama Marita. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe mlangoni, na wazee walipolitaja walishusha sauti. Mama Marita ndiye aliyemzaa Nyanya.

"Huyu wa Kitale ndiye atasoma," Tichee Ayub alisema. "Ni damu yake, na hatatuchanganyia r na l."

Watoto wengine waliniangalia kama mtu aliyepewa soda peke yake. Nilifurahi sana.

Alitufundisha kazi yenyewe kwa siku tatu, chini ya bati la jikoni la kanisa, na nakiri kwamba mpaka leo sijafundishwa kuandika na mtu mwingine vizuri kuliko pale. Dakika moja, alisema, ni maneno tisini hivi. Yasifike mia. Kiswahili kina maneno marefu, na mtoto akiogopa anasoma mbio, halafu hakuna anayesikia kitu. Usianze na "alizaliwa", maana kila mtu alizaliwa. Anza na mtu akiwa anafanya jambo kwa mikono yake, na hapo umetumia sekunde tano. Kisha mandhari matatu, kila moja sekunde kumi na tano, kila moja na mahali pake, mtu wake na tendo lake. Mwisho sekunde kumi za funzo.

"Funzo ni moja," alisema, akainua kidole. "Si mawili. Mtu anasikiliza redio huku anakoroga ugali. Ukimpa mawili ataangusha yote."

Alituonyesha kuweka mkwaju, kile kistari cha kuinama, kati ya mandhari na mandhari, ili msomaji avute pumzi. Alituambia majina ya watu yanakula sekunde, kwa hiyo taja mhusika mmoja tu, wengine waite kwa kazi yao: shemeji, jirani, mwalimu. Miaka ya kalenda aliikataa kabisa. Na mandhari ya katikati, alisema, ndiyo yabebe uzito, pale mtu wako anapoamua jambo litakalomgharimu. Kama hakuna gharama, basi hilo ni tangazo la sabuni.

Kwa hiyo nilihitaji mandhari matatu, na mwenye nayo alikuwa Nyanya.

Nyanya alikuwa mtu wa maneno machache. Macho yalianza kumwacha na magoti yalishamwacha zamani, lakini mikono yake haikutulia hata alipokaa. Nilimfuata na daftari langu akipukuchua mahindi, akichambua mboga ya kunde, akisuka kamba. Aliniambia mandhari ya kwanza bila shida: Mama Marita, akiwa mke kijana, alikuwa akienda soko la Lwakhakha, mpakani, kuuza simsim. Huko mke wa mwalimu mmoja wa dini alimfundisha herufi. Nyumbani hakuna aliyetaka mwanamke wa kusoma, basi akawa anaamka kabla ya wengine, anatandaza majivu ya meko, anaandika kwa kijiti, anasoma, anafuta.

Niliyapenda sana hayo majivu. Nikayaandika na nambari 15 pembeni.

"Na ya pili, Nyanya?"

Aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo na nilifikiri hakunisikia.

"Ya pili ni ile kuku," alisema. "Alikula kuku mbele ya wazee, wakamfukuza. Andika hiyo vizuri. Hiyo ndiyo nataka redio iseme."

"Alikula kuku tu?"

"Mbele ya wazee. Wakamfukuza, mimi nikabaki."

Kisha akaniambia ya tatu, jinsi mama yake alivyokuwa akirudi kila Jumapili kusimama nje ya ua na kusoma Biblia, lakini mimi sikuwa nasikia vizuri tena. Nilikuwa nimekwama kwenye kuku.

Lazima mnielewe. Kwetu Kitale, cucu yangu, mama yake baba, alikula paja la kuku kila Krismasi na kulamba vidole. Sikujua kwamba kulikuwa na mahali popote duniani ambapo mwanamke alichinjiwa kuku, akamnyonyoa, akampika, na hakuruhusiwa kumwonja. Nyanya hakunieleza, kwa sababu kwake hilo lilikuwa jambo la kujulikana, kama vile usivyomweleza mtu kwamba mvua inanyesha kutoka juu. Basi mimi nilichosikia ni hiki: wageni wa heshima walikuja, chakula chao kikawa tayari, na Mama Marita akakaa akala nyama yao. Mama mzima. Mwenye jiwe kanisani.

Na nilikuwa na ushahidi. Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, akina mama walikuwa wakipakua chakula cha wageni, na mmoja akampigia Nyanya kelele kwa kicheko: "Nyinyi watu wa Marita, kaeni mbali na sufuria bana!" Wote wakacheka. Nyanya pia alitabasamu, lile tabasamu la midomo, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la nje. Sasa nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mama yake Nyanya alikuwa mlafi, kijiji kizima kilijua, na Nyanya kwa uzee wake alikuwa amesahau kwamba ni aibu.

Niliamua kumsaidia.

Niliandika nyoka. Nyoka mkubwa aliingia nyumbani kwa baba mkwe, watu wote wakakimbia, Mama Marita akasimama mlangoni akaomba, nyoka akageuka akaenda zake mtoni. Wazee, badala ya kushukuru, wakasema huo ni uchawi, wakamfukuza. Nilihesabu maneno. Yalitosha sawasawa kwenye sekunde kumi na tano, na yalikuwa na gharama, kama Tichee alivyotaka. Niliona nimeandika vizuri kuliko ukweli wenyewe, na sitadanganya, nilijisifu.

Jumamosi mchana kijana wa redio alikuja kanisani kwa pikipiki na kifaa chake cha kurekodi. Tichee Ayub alishika saa. Nilisoma mara moja tu, sekunde hamsini na nane, na Tichee akafumba macho kwa raha. Hakuuliza habari ya nyoka. Alikuwa mgeni pale, wa kutoka upande wa Webuye, na alijua ya Marita kutoka kwenye jiwe tu. Kijana akafunga kifaa kwenye begi, akasema kesho saa sita kasoro dakika moja, akaondoka.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Nyanya alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Aliniita.

"Nekesa. Nisomee ile uliwasomea."

Nilisoma kwa sauti yangu ya redio. Majivu. Mkwaju, pumzi. Nyoka. Nilipofika kwa nyoka mikono yake ilitulia. Sikuwahi kuiona imetulia. Nilisoma mpaka mwisho, funzo na yote, na ndani ya jikoni maharagwe yalikuwa yanachemka.

"Kuku iko wapi?" aliuliza.

Nilifunga daftari.

"Mimi nimekuuliza. Kuku iko wapi?"

"Nyanya, nilitoa. Watu watamcheka." Kisha likanitoka lote kwa mkupuo, jinsi mambo ya watoto yanavyotoka. "Sikutaka waseme kwa redio ati alikuwa mlafi. Ati alikula nyama ya wageni. Ile siku mlikuwa mnachekwa kanisani nilisikia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kwa macho yale yenye ukungu kama anayejaribu kuona mtu aliye mbali, halafu akasema taratibu, "Kwani wewe hukuambiwa?"

Ndipo akanieleza, na nilisikiliza nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Zamani, mwanamke wa pale hakula kuku. Wala yai. Ilikuwa ya wanaume, na mwanamke akithubutu watu walisema atapatwa na mabaya, yeye na watoto wake. Mke wa shemeji yake Mama Marita alikuwa amejifungua na akapoteza damu nyingi. Alikuwa amelala, midomo imekuwa myeupe. Kuku alikuwa amechinjiwa wazee waliokuja kumpa mtoto jina, na supu ilikuwepo, sufuria nzima. Mama Marita alimpelekea bakuli. Yule mwanamke akakataa. Aliogopa kufa kwa kunywa kuliko kufa kwa kutokunywa.

"Basi mama akarudi na hiyo bakuli," Nyanya alisema. "Akakaa chini hapo wazee wako, kila mtu anamuona. Akatoa nyama, akakula. Akakula polepole. Mimi nilikuwa hapo, nilikuwa mdogo, nilikuwa nimeshika nguo yake. Alafu akasimama akasema, 'Mmeona? Sijakufa.' Akampelekea huyo mwenzake. Huyo akakunywa yote."

"Akapona?"

"Alipona. Akazaa wengine wanne."

"Na Mama Marita?"

"Hawakungoja jioni. Waliambia baba yangu atoe bibi yake. Na mtoto ni wa boma ya baba, si unajua? Mimi nikabaki." Akachukua kipande cha kamba kutoka mapajani, akakiweka chini tena. "Watoto wa hapo waliniimbia. Ati mama yako alikuacha juu ya paja ya kuku. Ati alikupima wewe na nyama, nyama ikakuwa nzito. Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa mama yako, bado wanacheka. Wanacheka tu kwa mchezo, hawana ubaya. Hata hawajui inaanza wapi. Hao wenyewe siku hizi wanakula kuku mpaka mifupa."

Nilikuwa nalia tayari.

"Sikutaka watu wamsifu," alisema. "Wameshamsifu, wamemwekea mawe. Nilitaka mara moja tu, nikiwa bado hapa, mtu aseme mbele ya watu wote vile ilikuwa."

Mnajua ule uchungu wa mtoto aliyefanya jambo baya akidhani ni zuri? Hauna pa kukaa. Huwezi kusema ulikosea kwa makusudi, na huwezi kusema hukukosea. Nilimwambia Nyanya tutabadilisha. Alisema redio imeshachukua. Nikamwambia tutabadilisha, nikakimbia kwa Tichee Ayub, matope mpaka magotini.

Tichee alisikiliza yote amesimama mlangoni kwake na mswaki mkononi. Aliitazama saa yake. Nilidhani ataniambia mambo ya uongo na moto wa milele. Aliniambia, "Nenda ukaandike upya. Maneno tisini. Kesho asubuhi nakuja na pikipiki mbili."

Niliandika kwa taa ya chemni mezani kwa Nyanya, naye amekaa karibu. Sasa kazi ilikuwa ngumu, maana ukweli haukuingia kwenye sekunde kumi na tano kama nyoka alivyoingia. Nilitaka kueleza mwiko, wazee, damu, jina la mtoto, maneno aliyosema. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilimuuliza Nyanya kama ninaweza kuondoa "Mmeona? Sijakufa." Alifikiri sana. Akasema ondoa, kula kwenyewe kunasema.

Asubuhi Nyanya, ambaye hakuwa amepanda pikipiki maisha yake yote, alipakiwa juu ya moja akiwa amevaa gauni lake la ibada na kitambaa cheupe. Alikaa upande, amenishika mimi, mimi nimemshika mwendeshaji. Njia ya Mabanga ilikuwa na matela ya miwa, na kila yalipotupita alisema jina la Yesu kwa sauti ya chini. Tichee alikuwa mbele na mkoba wake. Hatukwenda kanisani Jumapili hiyo, na naamini ndiyo Jumapili pekee ambayo Nyanya aliikosa bila kuugua.

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu. Kwenye ngazi watu walikuwa wamepanga foleni na karatasi zao za matangazo ya vifo. Tulimpandisha Nyanya ngazi moja moja. Kijana wa mitambo alipotuona alikunja uso.

"Tichee, ile ya jana si iko sawa? Nimeshaipanga."

"Ina makosa," Tichee alisema. "Iko na nyoka."

"Makosa gani sasa? Nyoka ni mzuri."

"Hakukuwa na nyoka."

Kijana akamtazama Nyanya, akanitazama mimi na viatu vyangu vya matope. Akasema hakuna wakati wa kurekodi upya, zimebaki dakika ishirini na ana karatasi thelathini za marehemu. Kama tunataka, mtoto atasoma moja kwa moja, hewani. Lakini sekunde sitini zikiisha atafunga, hata kama mtoto yuko katikati ya neno. Hataongeza hata moja.

"Umesikia?" Tichee aliniuliza.

Nikasema nimesikia.

Chumba cha kusomea kilikuwa kidogo, kimebandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na kilinuka zulia lenye unyevu. Kulikuwa na taa nyekundu juu ya mlango na kioo. Nyanya aliwekewa kiti nje ya kioo, karibu na spika, na Tichee akasimama nyuma yake na saa yake juu. Kijana alinionyesha vidole vitatu, viwili, kimoja. Taa ikawaka.

Nilisoma hivi:

"Marita anaandika kwenye majivu.

"Ni alfajiri, jikoni kwa mama mkwe wake. Kwa kijiti anachora herufi alizofundishwa sokoni Lwakhakha. Anazisoma. Anazifuta kabla watu hawajaamka.

"Siku moja mke wa shemeji yake amejifungua. Hana nguvu. Supu ya kuku ipo, lakini mwanamke haruhusiwi kuku. Marita anakaa mbele ya wazee, anakula kwanza, ili mwenzake asiogope. Mwenzake anakunywa, anapona. Marita anafukuzwa. Mtoto wake anabaki."

Hapo palikuwa na mkwaju. Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa na nikainua macho, jambo ambalo Tichee alikuwa amenikataza. Nyanya alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu kabisa na spika, ameinamisha kichwa, sikio moja mbele. Alikuwa anangoja kitu. Sijui nilijuaje kwamba bado hajakisikia. Kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kweli tupu, na bado hakikuwa ndicho.

Nikasema, na hili sikuwa nimeliandika, "Hakumwacha mtoto wake kwa ajili ya nyama."

Sauti ikanikatika. Redio nzima ya Bungoma, na Kitale kwa wanaoipata, na ng'ambo ya mpaka, wakasikia mtoto anavuta kamasi. Tichee nyuma ya kioo alikuwa anazungusha kidole hewani: endelea, endelea. Nikarudi kwenye karatasi.

"Kila Jumapili anarudi. Anasimama nje ya ua, anasoma kwa sauti, ili mtoto asikie. Mwaka mzima. Mpaka siku baba mkwe anafungua mwenyewe. Anasema, ingia, utusomee."

Mkwaju.

"Funzo," nikasema, na taa ikazimika.

Kijana hakuwa na ubaya, alikuwa ameniambia. Spika ya nje tayari ilikuwa inatoa ule muziki wa huzuni wa matangazo, na sauti nzito ikaanza kusoma jina la mzee fulani na watoto wake wote. Nilibaki nimeshika karatasi yenye funzo langu, maneno saba, niliyoyatafuta usiku wote: ukiona mwenzako anaogopa jambo jema, tangulia wewe. Hakuna aliyeyasikia.

Nilitoka nimeinamisha kichwa. Tichee Ayub alikuwa ameshusha saa yake, na usoni alikuwa na huzuni ya kweli ya kikazi.

"Ulikuwa na sekunde za kutosha," alisema. "Zote zilikuwepo. Sasa funzo iko wapi? Watu watashika nini?"

Nilimtazama Nyanya nikitegemea anikanye pia. Alikuwa bado kwenye kile kiti, uso umeloa mpaka kwenye kitambaa, na hakuwa akijifuta. Kwenye foleni ya ngazi mwanamke mmoja mwenye karatasi ya msiba, mtu tusiyemjua, alikuwa amejibanza kupita mpaka mlangoni, akamshika Nyanya mkono kwa mikono miwili, jinsi tunavyosalimia mfiwa.

"Pole, mama," alimwambia. "Ni wewe huyo mtoto?"

"Ni mimi," Nyanya alisema. Kisha akamgeukia Tichee Ayub.

"Tichee, wacha mtoto," akamwambia. "Funzo wataandika wenyewe. Mimi miaka yote hii nilikuwa nangoja hiyo moja tu, na ameisema."